Usikubali kushika nywila ya bosi unayemfundisha

"Nimepangwa kumfundisha mkurugenzi wetu majedwali na mikutano ya mtandaoni. Nianze na somo gani, na mimi nitafaidika nini? Ameshanipa nywila yake ili kurahisisha kazi."

Mdogo wangu, mwambie mzee abadili hiyo nywila leo, tena aiandike mwenyewe wewe ukiwa umegeuka dirishani.

Mimi nilikabidhiwa ya bosi wangu katika ofisi moja hapa Posta, na afisa utumishi aliyetupanga akanihakikishia kwamba huko ndiko kumsaidia mzee. Ikawa kila akikwama ananiita nimfungulie, na mwishowe, akiwa ndani ya ndege kwenda Mwanza, akaniagiza kabla ya kuzima simu nimwidhinishie malipo ya mzabuni kwenye mfumo. Nikaidhinisha. Wakaguzi walipokuja walikuta idhini imetoka kwenye akaunti yake, kwenye kompyuta yangu, saa ambayo tiketi inaonyesha alikuwa angani. Mfumo huandika akaunti, saa na kifaa. Hauandiki kwamba uliagizwa kwa mdomo. Niliandika barua ya kujieleza ndefu kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika, na yule afisa utumishi akasema hakumbuki mazungumzo yetu. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima siku ya posho tu.

Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric, alipoagiza mpango wa namna hii mwaka 1999, alitaka mamia ya viongozi wake wafundishwe intaneti na vijana, naye mwenyewe akawa mwanafunzi. Hakutaka wapate makarani wa kuwabofyia.

Kwa hiyo kipanya kinakaa mkononi mwake muda wote, hata akichukua dakika nzima kutafuta kitufe. Msimbo wa uthibitisho uingie kwenye simu yake, na akisafiri, watu wa mifumo wampe anayemkaimu idhini kwa jina la huyo kaimu mwenyewe. Somo la kwanza liwe Ctrl+Z, kwa sababu wazee wengi hawaogopi kujifunza, wanaogopa kuharibu mbele ya kijana. Akishaona kosa limefutika, mkono unalegea. Kisha atumie jedwali lake halisi. Mzee wangu, tulipoanza upya, alifungua matumizi ya dizeli ya matawi na kuandika mwenyewe fomula ya kujumlisha ya Kariakoo:

```
=SUMIF(B2:B40,"Kariakoo",D2:D40)
```

Jumla ilipotokea alikunja uso, akauliza kwa nini dizeli ya jenereta imepanda mwezi ambao umeme haukukatika sana. Mimi nilikuwa nimelipitisha jedwali hilo mara nyingi nikikagua hesabu kama zinajumlishika, wala sikuwahi kujiuliza kama zinaingia akilini. Faida yako ndiyo hiyo.

Kujua kama ameelewa, usimuulize. Mwachie kazi ileile kesho yake wewe ukiwa nje ya ofisi. Akipiga simu kuuliza hatua, mweleze kwa maneno, na akisema "njoo unifungulie", rudini kwenye somo lililopita.