Kabla hujaandika dawa kwa mgonjwa wa hati ataki aliye kwenye kolchisini

Jana kwenye raundi hapa Kigoma nimekuta tena intani kaandika diklofenaki ya sindano kwa mama aliyepata hati ataki wiki mbili tu zilizopita na yuko kwenye kolchisini, goti linamuuma, na jibu ni "si inapunguza inflamesheni dokta?" Wadogo zangu nawapenda, lakini hili tumeliongea mara ngapi jamani.

1. Inflamesheni ya kwenye pleki, yaani yale mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa wa moyo, ina njia yake. Kolesteroli ikijaa mle inaganda na kuwa fuwele zenye ncha, makrofeji inazimeza inashindwa kuziyeyusha, kifuko chake cha kusagia kinapasuka, hapo mtambo wa NLRP3 unawaka na kumwaga intalukini-1 beta. Kolchisini inashika tubulini, basi mtambo huo unashindwa kuungana vizuri na nyutrofili zinakuwa nzito kutembea. Diklofenaki haizimi mtambo huo, na ukiiweka juu ya aspirini na klopidogreli unamwongezea mgonjwa hatari ya kutoka damu na ya hati ataki nyingine. Goti lipewe parasetamo.

2. Faili lisomwe lote, na hapa naongea kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee wa Ujiji, mvuvi, yuko kwenye atovastatini na kolchisini nusu miligramu kwa siku, analalamika tumbo, kipimo cha H. pailori chanya, nikamwandikia ile dozi ya dawa tatu yenye klarithromaisini na sikufungua ukurasa wa nyuma. Siku ya tano karudi anaharisha, nikasema ni maji ya ziwa, nikampa ORS akaenda zake. Siku ya nane kaletwa na mwanaye, na nilichokiona sitakisahau, mzee anataka kuinuka kwenye benchi anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja na bado hainuki. Kreatinini imepanda, seli nyeupe zimeshuka. Klarithromaisini inaziba kimeng'enya cha CYP3A4 na pampu ya P-gp, ndizo njia za kuitoa kolchisini mwilini, basi kolchisini ikarundikana, na atovastatini nayo ikapanda pamoja nayo, misuli ikaumia. Tulisimamisha klarithromaisini, kolchisini na atovastatini, alipona, ila kutembea vizuri ilichukua wiki nyingi. Kuharisha ndiyo ilikuwa kengele, nami niliisikia nikaipita.

3. Kreatinini kabla ya kidonge cha kwanza, eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu, ikiwa chini ya 30 usianze kolchisini.

4. Msiigeuze kuwa dawa ya kila mtu: kwenye utafiti wa COLCOT wa 2019 kolchisini ilishusha matukio ya moyo na mishipa kutoka asilimia 7.1 hadi 5.5, lakini utafiti wa CLEAR SYNERGY wa 2024 haukuonyesha faida, kwa hiyo statini haiachwi kwa ajili yake, na maamuzi ya kuanza msifanye peke yenu saa nane usiku.

Yule mama diklofenaki tumeifuta. Intani, chati iandikwe upya kabla ya shifti ya usiku, nitapita kuiangalia.