Kichwa cha tasnifu ya mwani

"Kichwa changu ni 'Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Kilimo cha Mwani Zanzibar'. Nimehoji wanawake 60 wa Paje kuhusu kipato chao. Msimamizi anasema hakijakaa sawa. Na maneno muhimu niweke yepi?"

Msimamizi yuko sahihi, dada. Neno "athari" linadai umethibitisha chanzo, na hukupima joto la maji hata siku moja. "Zanzibar" nayo inaingiza Pemba, ambako hukufika. Andika ulichokifanya: "Mitazamo ya wanawake wakulima wa mwani kuhusu mabadiliko ya kipato chao Paje, Unguja". Miaka ya data iongeze mwishoni.

Maneno muhimu matano yanatosha. Usirudie "mwani" na "Paje", maana kwa kawaida mtambo wa kutafutia husoma kichwa pia. Weka yale ambayo mtu wa mbali angeyachapa: Zanzibar (hapa ndipo mahali pake), ukulima wa baharini, riziki za pwani, jinsia, na jina la kisayansi la mwani wanaoulima. Hilo lihakikishe kwanza: spinosamu ni `Eucheuma denticulatum`, kotonii ni `Kappaphycus alvarezii`. Ukikosea hapo, anayetafiti kotonii atafungua kazi yako bure.