"Anaweza" na "anapaswa" katika mkataba wa huduma: tulivyoiandika upya ibara moja ya chumba cha baridi

Nimefanya kazi ya kuandika na kupitia mikataba ya wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba ugomvi mwingi hauanzi kwa mtu kukataa kutimiza alichoahidi. Huanzia kwenye neno ambalo kila upande ulilisoma kwa namna yake siku ya kutia saini. Nitaeleza ibara moja tu, niliyoiandika mwenyewe, jinsi ilivyotuangusha na jinsi tulivyoitengeneza.

Mteja wangu, mama mwenye chumba cha kuhifadhia sangara karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, alikuwa na mkataba wa matengenezo na fundi wa majokofu. Ibara ya 4 ilisomeka hivi: "Mtoa Huduma anapaswa kufika mapema iwezekanavyo pindi atakapojulishwa hitilafu, na anaweza kubadilisha vipuri vilivyoharibika. Chumba kinatakiwa kukaguliwa mara kwa mara." Wakati naiandika niliiona imekamilika.

Ijumaa moja usiku kompresa ilizima. Mama alimpigia fundi simu usiku uleule, naye akafika Jumapili asubuhi. Samaki wabichi hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 0, wala wasipite nyuzi 4 za Selsiasi, na kufikia Jumamosi jioni kipimajoto cha ukutani kilikuwa kimeshafika 11. Barafu iliyonunuliwa kwa dharura iliokoa sehemu tu ya mzigo. Tulipokaa kikao, fundi hakuonyesha ukaidi wowote. Alisema, "Kaka, mimi sikukataa kuja. Karatasi inasema mapema iwezekanavyo, na kwangu haikuwezekana mpaka Jumapili." Niliisoma ibara tena mbele yao, nikaona kwamba kwa maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe alikuwa na hoja.

Tuanze na "anaweza", kwa kuwa ndilo neno lenye madhara makubwa zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku hubeba maana tatu: uwezo (fundi anao ujuzi wa kubadilisha kipuri), ruhusa (hatazuiwa kukibadilisha), na uwezekano (huenda akakibadilisha). Mama aliisoma kana kwamba fundi akikuta kipuri kimekufa ni lazima akibadilishe. Fundi aliisoma kuwa ameachiwa uamuzi, na kwamba akikibadilisha, gharama ni ya mama hata kama hakuulizwa. Sentensi yenyewe haikumzuia yeyote kati yao kuisoma anavyotaka. Wanaosoma sheria watakumbuka kwamba Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inatenganisha neno la hiari na neno la lazima kwa sheria zilizotungwa. Lakini kanuni hiyo ni ya kusomea sheria, haijazii pengo la mkataba wa watu binafsi wawili. Mkataba wetu ulipaswa kujieleza wenyewe.

"Anapaswa" lina tatizo lake. Mzazi humwambia mtoto "unapaswa kumsalimia babu", na daktari humwambia mgonjwa "unapaswa kupunguza chumvi": la kwanza karibu ni amri, la pili ni ushauri. Likiingia katika mkataba, msomaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. "Kinatakiwa kukaguliwa" ni baya zaidi, kwa sababu limemficha mtendaji: nani akague? Mama alidhani ni fundi, na fundi alidhani ni kijana wa mama anayelala pale.

Kinyume cha maneno haya ndicho kinachowapita wengi. Ukiandika "Mteja hatakiwi kulipia usafiri", unamaanisha kwamba halazimiki kulipa, au kwamba amekatazwa kulipa? Katika mazungumzo muktadha hutuokoa, lakini kwenye karatasi itakayosomwa na mtu wa tatu miaka miwili baadaye hakuna muktadha. "Hapaswi" na "hawezi" yana ugonjwa huohuo.

Kwa hiyo tulikubaliana kutumia maneno machache, kila moja kwa kazi yake, na maana zake tukaziweka katika ibara ya tafsiri mwanzoni mwa mkataba. "Analazimika" ni wajibu ambao asipoutimiza amevunja mkataba. "Ana hiari" ni uamuzi wake, na asipofanya hajakosa. "Haruhusiwi" ni katazo. "Halazimiki" maana yake hana wajibu huo, ila hajakatazwa. Neno "atawajibika" tuliliweka kando kwa kazi moja tu, yaani kubeba hasara, kama "atawajibika kwa samaki walioharibika", kwa sababu tukiliacha litumike pia kwa "atawajibika kufika", tungekuwa tumefungua mlango uleule tuliokuwa tunaufunga.

Hapo kuna mtego niliouingia katika rasimu ya kwanza ya marekebisho. Nilipita kila sentensi nikafuta "anaweza" na kuandika "ana hiari ya", nikafuta "anapaswa" na kuandika "analazimika", nikadhani nimemaliza. Mama alipoisoma aliuliza swali lililonirudisha mezani: "Kwa hiyo akikuta kapasita imeungua, ana hiari ya kuiacha hivyohivyo?" Ndivyo ilivyosema. Alichokitaka mama, na ambacho fundi pia alikuwa tayari kukikubali, kilikuwa mambo matatu yaliyobanwa ndani ya neno moja: wajibu wa kubadilisha, uhuru wa kutoomba idhini kwa kipuri cha bei ndogo, na katazo la kubadilisha cha bei kubwa bila mwenye mali kukubali. Ndiyo maana kubadili neno hakutoshi. Ni lazima kwanza uwaulize wenye mkataba: asipofanya, mwenzake atadai nini? Wakijibu kwamba hatadai chochote, hiyo ni hiari. Wakitaja dai, hiyo ni lazima, na dai lenyewe liandikwe.

Upande wa fundi nao ulikuwa na haki yake. Mama alitaka iandikwe kwamba fundi analazimika kuukarabati mtambo ndani ya saa 12. Fundi alikataa, na nilimuunga mkono. Kompresa ya ukubwa ule haipatikani kila siku katika maduka ya Mwanza. Wakati mwingine huagizwa Dar es Salaam, na basi likikwama njiani fundi hana la kufanya. Kumlazimisha mtu jambo lisilo mikononi mwake kuna matokeo mawili: ama atapandisha bei ili kujikinga, ama atatia saini huku akijua hatatimiza. Tukaligawa. Kufika, kuagiza kipuri na kukagua chumba kila mwezi ni mambo anayoyamudu, hivyo yakawa ya lazima na kila moja likapewa muda wake. Siku ya kipuri kuwasili haikuwekwa kuwa wajibu wake.

Kuhusu muda nina angalizo moja linalotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. "Kabla ya saa 4" linaweza kusomwa kuwa saa nne asubuhi, na pia muda wa saa nne kupita. Tuliandika "ndani ya muda wa saa 4 tangu" na kutaja tukio linaloanzisha hesabu. Tukio hilo nalo lilijadiliwa sana, kwa sababu simu inaweza kuita bila kupokelewa, na baadaye kila mmoja akawa na kumbukumbu yake. Ujumbe mfupi hubaki na saa yake kwenye simu zote mbili.

Ibara ikatoka hivi:

"4.1 Mteja akiona hitilafu, analazimika kumpigia simu Mtoa Huduma na kumtumia ujumbe mfupi kwa namba iliyotajwa katika Ibara ya 2. Muda utahesabiwa tangu ujumbe ulipotumwa, hata kama simu haikupokelewa.

4.2 Mtoa Huduma analazimika kufika kwenye chumba ndani ya muda wa saa 4 ikiwa ujumbe ulitumwa kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na ndani ya muda wa saa 6 ikiwa ulitumwa wakati mwingine wowote.

4.3 Mtoa Huduma analazimika kubadilisha kila kipuri alichokikuta kimeharibika. Kwa kipuri ambacho bei yake haizidi shilingi 150,000, halazimiki kuomba idhini kwanza. Kwa kipuri cha bei inayozidi hapo, haruhusiwi kukibadilisha kabla Mteja hajakubali kwa ujumbe wa maandishi. Mteja analazimika kulipa bei ya vipuri.

4.4 Kipuri kisipopatikana Mwanza, Mtoa Huduma analazimika kukiagiza ndani ya muda wa saa 24 tangu idhini ilipotolewa. Hatawajibika kwa ucheleweshaji wa msafirishaji.

4.5 Mtoa Huduma analazimika kukagua chumba mara moja kila mwezi, kabla ya tarehe 10, na kumwachia Mteja fomu ya ukaguzi iliyosainiwa.

4.6 Kwa kila saa nzima ya kuchelewa kinyume cha 4.2, Mteja ana hiari ya kukata shilingi 20,000 kutoka malipo ya mwezi huo."

Kiasi hicho katika 4.6 hatukukitaja kwa hasira. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kiasi kilichotajwa kwa ajili ya uvunjaji wa mkataba huwa ni kikomo, na mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi hapo. Kutaja mamilioni ili kumtisha fundi kusingeleta mamilioni. Tulichagua kiasi kilicho karibu na gharama ya barafu ambayo mama huinunua mtambo unapozima.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeona pengo ambalo sisi hatukuliona. Mama alikuwa anajiandaa kufungua chumba cha pili Nansio, na fundi akauliza itakuwaje ujumbe ukitumwa usiku wakati hakuna chombo cha kuvuka kwenda Ukerewe. Tukaongeza kwamba kwa chumba cha Nansio hesabu ya saa itaanza pale chombo cha kwanza cha abiria kinapoondoka Mwanza baada ya ujumbe kutumwa.

Ibara hiyo ilipimwa wakati wa masika. Ujumbe ulitumwa saa 2 na dakika 10 usiku, na kabla ya saa 6 usiku mtu alikuwa ameshafika. Lakini aliyefika alikuwa mwanafunzi wa fundi, mikono mitupu, bila kipima umeme wala geji ya gesi, na mtambo ulikaa umezima hadi fundi mwenyewe alipokuja asubuhi. Kwa maandishi yetu, wajibu wa 4.2 ulikuwa umetimizwa. Wiki iliyofuata tuliketi tena, tukaandika katika ibara ya tafsiri kwamba "kufika" maana yake ni kufika kwa fundi aliyetajwa katika Kiambatisho A, akiwa na vifaa vilivyoorodheshwa humo, na wote wawili wakasaini kando ya mstari huo.