Vipande 31 nilivyovipoteza Machi 2020

Ninyi mnaoanza kuwekeza kwenye mfuko unaofuata fahirisi ya hisa, nawaomba mzoee kuhesabu vipande vya mfuko mnavyomiliki kabla ya kuhesabu pesa. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Machi 2020 soko lilikuwa linaporomoka. Tarehe 12 fahirisi ya S&P 500, ya kampuni kubwa za Marekani, ilishuka asilimia 9.5, kesho yake ikapanda 9.3, na Jumatatu tarehe 16 ikaanguka karibu asilimia 12. Nilivumilia hadi tarehe 23, nikauza vipande vyangu vyote 100. Siku hiyo fahirisi ilifunga ikiwa 2,237. Nilijiambia nitarudi hali ikitulia.

Kumbe ndiyo siku soko lilipogusa chini. Kesho yake fahirisi ilipanda asilimia 9.4, na baada ya siku tatu ilishafika 2,630, yaani asilimia 17.5 juu ya pale nilipouzia. Habari zilikuwa bado za kutisha, kwa hiyo sikuamini. Nilirudi tarehe 8 Juni, fahirisi ikiwa 3,232. Pesa zile zile zikaninunulia vipande 69.

Hapo ndipo panapouma. Soko likipanda mara mbili, thamani ya vipande 69 nayo hupanda mara mbili, lakini vile 31 havirudi. Aliyetulia na vipande vyake 100 atanizidi kwa uwiano uleule miaka 30 ijayo, kwa sababu faida hujengwa kwa kuzidisha, na mimi nazidisha kuanzia namba ndogo. Sasa fikiria mtu anayerudia kosa hili kila soko linapotikisika.

Siku bora hazisubiri utulivu. Hofu ikitanda, bei hurukaruka juu na chini kwa nguvu ileile. Oktoba 2008, katikati ya msukosuko wa mabenki, fahirisi hiyohiyo ilipanda zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, mara mbili, tarehe 13 na 28, na bado soko liliendelea kushuka hadi Machi 2009.

Ila msiichukue hesabu hii nusu. Anayetoka hukwepa pia siku mbaya: aliyeuza jioni ya tarehe 12 Machi alikosa ile asilimia 9.3, lakini aliepuka anguko la tarehe 16. Angeweza kunufaika, mradi angerudi bei ikiwa chini ya aliyouzia. Wengi wetu hatufanyi hivyo, maana bei ikiwa chini ndipo woga unapozidi.

Kwa hiyo chukua taarifa zako za nyuma, andika bei uliyouzia, na pembeni yake bei uliyonunulia tena. Ya pili ikiwa kubwa, gawa ya kwanza kwa ya pili. Kwangu ilitoka 0.69.

Na pesa ya ada au ya kujengea mwaka kesho isiingie huko kabisa, kwa sababu utalazimika kuitoa hata kama huogopi.