Viungo vya Kweli, Makala Isiyokuwepo: Kwa Wanaoanza Kukagua Marejeo ya Tasnifu

Ninyi mnaoanza kazi ya kukagua tasnifu katika maktaba za vyuo vyetu hapa Moshi mtakutana mapema na jambo lililonichanganya mimi nilipoanza. Rejeo la kubuni mara nyingi halina sura ya kitu cha kubuni. Nilikuwa nikitafuta mwandishi asiyejulikana na jarida lisilosikika popote, nikayapita marejeo kadhaa mabaya kwa sababu mwandishi alikuwa mtu halisi, jarida lilikuwa halisi, juzuu lilikuwa limechapishwa kweli na hata DOI, yaani namba ya kudumu inayotambulisha chapisho mtandaoni, ilifunguka. Kilichokosekana ni makala yenyewe.

Sababu iko katika namna zana za akili mnemba zinavyoandika. Zana ya aina hiyo, isipounganishwa na hifadhi ya machapisho, haiendi kwenye katalogi kutafuta. Hupanga maneno kwa kufuata yale yanayoelekea kuandamana. Jina la mtafiti wa barafu huandamana na jarida ambalo amewahi kuandikia, jarida huandamana na namba za majuzuu, na kichwa cha makala huundwa kwa maneno ya swali aliloulizwa. Matokeo yake ni rejeo ambalo kila kiungo kimetoka mahali fulani pa kweli, ila viungo hivyo havikuwahi kukutana kwenye chapisho moja. Kwa hiyo ukikagua kiungo kimoja tu, ukaridhika, ukaweka alama ya vema, utakuwa umepitisha kitu ambacho hakipo.

Nitaeleza kisa kimoja. Mwanafunzi mmoja aliandika juu ya kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro na maji ya chemchemi zilizo chini ya msitu, mada inayowagusa wakulima wote wa vihambani. Orodha yake ilikuwa na marejeo 31. Rejeo la 14 liliwataja L. G. Thompson na G. Kaser, mwaka 2011, kichwa kinachounganisha kupungua kwa barafu na mtiririko wa chemchemi za Moshi, jarida la Science, juzuu la 298, kurasa 591–604, na DOI hii:

```
10.1126/science.1073198
```

Majina hayo mawili ni ya watafiti wanaofahamika sana katika habari za barafu ya mlima huu. Thompson na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa barafu iliyochimbwa kileleni, wakakadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Kaser na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba kupungua huko kulianza karibu na 1880 na kwamba ukavu wa hewa umechangia pakubwa. Kuwaona wawili hao kwenye rejeo moja kulinifanya nisite, lakini wasomi wenye mitazamo tofauti huweza kuandika pamoja, kwa hiyo kusita huko hakukutosha kuwa ushahidi wa lolote.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuibandika DOI mwishoni mwa anwani ya https://doi.org/. Ilifunguka, na hapa ndipo wageni wengi huishia. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa makala ya Thompson na wenzake ya mwaka 2002, kurasa 589–593, yenye kichwa kingine kabisa, na jina la Kaser halikuwamo miongoni mwa waandishi. DOI inayofunguka inathibitisha kwamba kuna chapisho lenye namba hiyo. Haithibitishi kwamba chapisho hilo ndilo lililotajwa. Ni lazima usome kichwa, waandishi, mwaka na kurasa kwenye ukurasa uliofunguka, ukivilinganisha na karatasi iliyo mbele yako. Ukurasa wa mchapishaji ukikataa kufunguka, au ukidai malipo kabla ya kukuonyesha chochote, taarifa zilezile hupatikana bure kwenye Crossref, hifadhi ya rekodi za DOI:

```
https://api.crossref.org/works/10.1126/science.1073198
```

Utaona maandishi mengi yaliyosongamana, lakini wewe tafuta sehemu za `title`, `author`, `volume`, `page` na `published`. Hizo zinatosha.

Hatua ya pili haihitaji hata mtandao, nami naipenda kwa sababu ni hesabu tupu. Majuzuu ya jarida hufuata miaka kwa mpangilio. Katika miaka hiyo Science lilikuwa na majuzuu manne kwa mwaka, na juzuu la 298 ndilo lililofunga mwaka 2002. Ukihesabu manne manne kutoka hapo, mwaka 2010 unaisha na juzuu la 330, na mwaka 2011 unaangukia kati ya 331 na 334. Makala ya mwaka 2011 haiwezi kuwa ndani ya juzuu la 298. Kurasa nazo zilikuwa na tatizo lake: jarida hili huendeleza namba za kurasa ndani ya juzuu zima, na ukurasa wa 591 uko katikati ya makala halisi ya Thompson, inayoanzia 589. Hapana makala nyingine ndefu inayoweza kuanzia hapo.

Hatua ya tatu ilikuwa kutafuta kichwa chenyewe. Nilichukua maneno sita yaliyo ya pekee, nikayafungia ndani ya alama za nukuu kwenye Google Scholar, na sikupata kitu. Sichukui kichwa chote, kwa sababu neno moja lililoandikwa tofauti, au kichwa kidogo kilichoachwa, hutosha kuficha makala iliyopo. Kisha nilitafuta kwenye search.crossref.org. Jihadharini na ukurasa huo: haupendi kurudi mikono mitupu. Hukuletea machapisho yanayokaribiana na maneno yako hata kama unachotafuta hakipo, na macho yaliyochoka huona orodha ndefu yakadhani yamepata. Google Scholar nayo ina mtego wake. Mstari ukianza na `[CITATION]`, maana yake ni kwamba mtu fulani amelitaja chapisho hilo katika orodha yake, bila Google Scholar kuliona chapisho lenyewe. Rejeo la kubuni lililonakiliwa na waandishi wawili watatu linaweza kujitokeza hapo likiwa na sura ya heshima.

Hata baada ya hatua hizo sikuandika kwamba rejeo limebuniwa, kwa sababu binadamu pia hukosea. Katika orodha hiyohiyo, rejeo la 9 lilikuwa la Kaser na wenzake, likiwa na mwaka 2005 badala ya 2004 na jina la jarida lililokatwa vibaya. Lakini juzuu lilikuwa 24, kurasa zilikuwa 329–339, na kichwa kilitofautiana kwa neno moja tu. Nilipofuata kichwa nilifika kwenye makala ya mwaka 2004. Nilipofuata juzuu na kurasa nilifika palepale. Nilipofuata waandishi, palepale tena. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muishike. Kosa la mkono huharibu kiungo kimoja au viwili, na viungo vilivyobaki vyote huelekeza kwenye chapisho moja. Katika rejeo la 14, DOI ilielekeza kwenye makala moja, mwaka ulielekeza kwenye majuzuu mengine, jina la mwandishi wa pili lilielekeza kwenye makala na jarida jingine, na kichwa hakikuelekeza popote.

Kuna upande wa pili ambao hukaguliwa kwa haraka mno, nao unawaumiza watafiti wetu zaidi kuliko wa ng'ambo. Rejeo la 22 lilikuwa ripoti ya upimaji wa mtiririko wa chemchemi, isiyo na DOI, isiyo na mchapishaji, na isiyoonekana katika utafutaji wowote. Mwanafunzi alileta nakala ya fotokopi yenye mhuri wa ofisi, imekunjwa mara nne. Ilikuwepo, na ndiyo iliyokuwa na takwimu bora kuliko zote katika tasnifu yake. Ripoti za ofisi za maji, tasnifu za zamani ambazo hazijapigwa skani, na majarida kama Tanganyika Notes and Records lililoanza mwaka 1936, yote hayo yanaweza kutokuonekana kwenye Crossref na bado yakawa yamekaa rafuni. Kwa majarida ya Afrika anzeni na African Journals Online kabla ya kusema hayapo. Kwa machapisho ya kale ulizeni katalogi ya maktaba, na ikibidi mwandikieni mkutubi wa Mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoonekana kwa ripoti ya wilaya hakusemi mengi. Kutoonekana kwa makala inayodaiwa kuwa kwenye Science, jarida ambalo kila makala yake ina rekodi, kunasema mengi sana.

Kisha mwiteni mwandishi, na ombi liwe dogo: alete ukurasa wa kwanza wa chapisho na ukurasa alikopata hoja aliyoinukuu. Mwanafunzi yule nilimwomba ya rejeo la 22 na la 14 kwa pamoja. La kwanza alilileta kesho yake asubuhi. Kuhusu la pili alirudi mikono mitupu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shikamoo, mwalimu. Aya ile niliiandika mwenyewe, lakini msimamizi alisema inahitaji marejeo zaidi, nikaiomba zana iniongezee." Nilimwamini, kwa sababu aya zilizotangulia zilikuwa na vipimo alivyovichukua mwenyewe na daftari lake la uwandani lilikuwepo. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Rejeo la kubuni ni dalili nzito kwamba sentensi inayolibeba haikutokana na kusoma, na yakiwa mengi katika tasnifu moja nami hushuku kwamba matini yenyewe imezalishwa. Lakini rejeo moja kati ya 31 halinipi haki ya kusema tasnifu nzima imeandikwa na mashine. Linanilazimisha kukagua yote 30 yaliyobaki, nami nilifanya hivyo. Yalinichukua alasiri mbili, na nikakuta la 27 nalo likiwa na ugonjwa uleule.

Katika taarifa ya ukaguzi andikeni mlichokiona, wala msiandike mnachokidhania. Mimi niliandika hivi: "Rejeo la 14: DOI inafungua makala nyingine ya mwaka 2002 yenye waandishi na kichwa tofauti. Juzuu lililotajwa ni la mwaka 2002, si 2011. Ukurasa wa mwanzo uliotajwa uko ndani ya makala hiyo nyingine. Kichwa hakikupatikana Google Scholar wala Crossref. Mwandishi hakuweza kuonyesha chapisho. Sentensi mbili za sura ya pili zinazotegemea rejeo hili hazina chanzo kwa sasa." Chini yake niliweka tarehe ya utafutaji, kwa sababu hifadhi hizi huongezewa rekodi kila siku, na atakayerudia ukaguzi wangu anapaswa kujua nilitafuta lini.