Maswali na Majibu: Jicho la mwungwana na jicho la mtumwa katika sheria za Hammurabi

Tumefundishwa kwamba sheria ya Hammurabi ni jicho kwa jicho. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu?

Hapana. Ilikuwa hivyo kwa waungwana waliodhuriana wao kwa wao. Hammurabi alitawala Babeli takriban mwaka 1792 hadi 1750 KK, na sheria alizochongesha kwenye jiwe zinaitaja jamii ya watu wa aina tatu: awilu, yaani mwungwana, mushkenu, mtu huru wa daraja la chini yake, na wardu, mtumwa. Adhabu ya kumtoboa mtu jicho hutegemea ni jicho la nani.

Sheria ya 196 inasema mwungwana akiliharibu jicho la mwungwana, naye atatolewa jicho. Ya 198 inasema akiliharibu jicho la mushkenu, au akimvunja mfupa, atalipa mina moja ya fedha. Ya 199 inasema likiwa jicho la mtumwa wa mtu, au mfupa wake, atalipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Meno nayo yamepangwa hivyo hivyo: jino la mwenzako hulipwa kwa jino lako, jino la mushkenu kwa theluthi moja ya mina.

Watu wengi hudhani kisasi ndicho cha zamani na faini zikaja baadaye, watu walipostaarabika. Sheria za mji wa Eshnunna, ambazo ni za kabla kidogo ya Hammurabi, zinatoza fedha tu: mina moja kwa jicho, nusu mina kwa jino, shekeli 10 kwa kofi. Kwa hiyo Hammurabi ndiye aliyeongeza ukali, na aliuongeza pale ambapo aliyeumizwa ni mtu wa tabaka la juu. Mwungwana hakutakiwa tena kuuza jicho lake kwa fedha.

Huyo mushkenu ni nani hasa? Ni fukara?

Si lazima awe fukara. Sheria zenyewe zinamwonyesha akiwa na ng'ombe, mashua na hata watumwa wake mwenyewe. Sheria ya 219, kwa mfano, inahusu mganga aliyemuua mtumwa wa mushkenu kwa upasuaji. Mara kadhaa mali yake hutajwa bega kwa bega na mali ya ikulu, ndiyo maana wataalamu wengi wanamwona kuwa mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa ikulu au aliyeitegemea kwa riziki. Wengine humwona tu kuwa raia wa kawaida asiye na cheo. Mjadala haujaisha.

Ndani ya waungwana nako kulikuwa na wakubwa na wadogo. Sheria za 202 hadi 205 zinashughulikia kofi moja tu la shavuni. Mwungwana akimpiga kofi aliyemzidi cheo, atachapwa viboko 60 kwa mjeledi wa ng'ombe mbele ya baraza. Akimpiga wa cheo sawa naye, atalipa mina moja. Mushkenu akimpiga mushkenu mwenzake, shekeli 10. Mtumwa akimpiga mwungwana, atakatwa sikio. Kofi halivunji mfupa wala halitoi damu. Kinacholipiwa hapo ni heshima, na heshima ya mwungwana ilikuwa na bei mara sita ya heshima ya mushkenu.

Mina moja ni fedha kiasi gani? Tajiri si alikuwa analipa na kuendelea na mambo yake?

Tupige hesabu kwa viwango vya jiwe lenyewe. Mina moja ni shekeli 60, karibu nusu kilo ya fedha. Sarafu hazikuwepo, fedha ilipimwa kwa mizani na mawe ya uzito. Shekeli moja ilikuwa na punje 180, punje ikiwa kipimo cha uzito kilichotokana na punje ya shayiri.

Sheria ya 273 inapanga ujira wa kibarua: punje 6 za fedha kwa siku kuanzia mwaka mpya hadi mwezi wa tano, siku zinapokuwa ndefu na kazi nzito, kisha punje 5 kwa siku hadi mwisho wa mwaka. Tuseme kibarua amefanya kazi kila siku bila kupumzika, miezi ya siku 30. Miezi mitano ya kwanza itampa punje 900, na saba iliyobaki punje 1,050. Jumla ni punje 1,950, yaani shekeli kama 11 kwa mwaka mzima. Mina moja ni punje 10,800. Kibarua angehitaji zaidi ya miaka mitano na nusu kuipata, bila kula chochote.

Kwa hiyo jicho la mushkenu halikuwa rahisi hata kidogo. Mwenye mashamba na mifugo angeweza kulipa na kubaki na macho yake mawili, lakini mwungwana wa hali ya kawaida angefilisika. Jino la mushkenu, shekeli 20, ni ujira wa karibu miaka miwili.

Kwa mtumwa hesabu inabadilika. Sheria ya 252 inaweka fidia ya shekeli 20 kwa mtumwa wa mwungwana aliyeuawa na ng'ombe mkali. Tukiichukua hiyo kuwa bei yake, nusu yake ni shekeli 10, ujira wa miezi kama kumi na moja. Fedha hiyo haikwenda kwa aliyepofuka. Ilikwenda kwa bwana wake, kwa kuwa mbele ya sheria aliyepata hasara ni bwana.

Ina maana sheria ilimpendelea mkubwa kila mahali?

Ilimthamini zaidi, na thamani hiyo wakati mwingine ilimgharimu. Mwungwana aliyemtoboa mwenzake jicho hakuwa na njia ya faini iliyoandikwa, angepoteza lake. Angemfanyia mushkenu tendo lile lile, angelipa fedha na kubaki mzima.

Malipo ya mganga yanaonyesha hilo vizuri. Akimpasua mtu kwa kisu cha shaba nyeusi na kumponya, au kuliokoa jicho lake, mwungwana atamlipa shekeli 10, mushkenu 5, na bwana wa mtumwa 2. Mganga yule yule, kisu kile kile. Lakini mwungwana akifa au akipoteza jicho, mganga atakatwa mkono. Mtumwa wa mushkenu akifa, mganga atatoa mtumwa mwingine badala yake. Ada kubwa ilikwenda na hatari kubwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini mganga angesita kumgusa mgonjwa mwenye cheo.

Uwezo wa kulipa nao uliamua mambo kuliko tabaka. Sheria ya 8 inasema aliyeiba ng'ombe, kondoo, punda, nguruwe au mashua ya hekalu au ikulu atalipa mara 30. Ikiwa ni mali ya mushkenu, mara 10. Kisha linakuja neno fupi: mwizi asipokuwa na cha kulipa, atauawa. Wezi wawili wa punda mmoja mmoja, kosa moja, mmoja anarudi nyumbani na mwingine anakufa kwa sababu hana mali.

Na kuna sheria ambayo kwangu ni nzito kuliko zote hizi. Mwungwana akimpiga binti mjamzito wa mwungwana mwenzake na mimba ikatoka, atalipa shekeli 10. Binti akifa, sheria ya 210 inasema atakayeuawa ni binti wa yule aliyempiga. Aliyetenda anabaki hai. Haki hapo ilikuwa kuzisawazisha nyumba mbili, na binti asiye na kosa alihesabiwa kama sehemu ya nyumba ya baba yake. Aliyekufa angekuwa binti wa mushkenu, ingetosha nusu mina.

Mtumwa alikuwa na haki yoyote?

Chache, ila zipo. Mtumwa wa ikulu au wa mushkenu aliweza kuoa binti wa mwungwana, na watoto wao wakawa huru (sheria ya 175). Mtu aliyemtoa mke au mtoto wake akafanye kazi kulipia deni alirudishiwa baada ya miaka mitatu. Mwaka wa nne ni wa uhuru (sheria ya 117). Nje ya hapo mlango ulifungwa kwa nguvu: aliyemtorosha mtumwa wa ikulu au wa mushkenu nje ya lango la mji aliuawa, na kinyozi aliyemnyoa mtumwa alama yake ya utumwa bila idhini ya bwana wake alikatwa mkono.

Je, mahakimu walizifuata kweli?

Hapa ndipo wanaosoma jiwe peke yake hupotea. Zipo hati nyingi sana za udongo za zama hizo, zikiwemo hukumu, na mahakimu hawakuwa na desturi ya kuamua kwa kutaja jiwe kama chanzo cha hukumu. Walisikiliza mashahidi, wakasoma hati zenye mihuri, na ushahidi usipotosha, wakampeleka mtu hekaluni kuapa mbele ya alama ya mungu. Aliyeshindwa aliandikiwa hati ya kuahidi kutolidai jambo hilo tena. Nyingi ya kesi hizo ni za mashamba, urithi na madeni.

Sheria zenyewe zina mapengo ambayo mahakama isingeweza kuishi nayo. Hazisemi mushkenu afanywe nini akimtoboa jicho mwungwana. Hazina hata kifungu cha wazi kuhusu mtu anayemuua mwenzake kwa kusudi. Ndiyo maana wengi wetu tunazisoma kama mifano ya hukumu njema, iliyokusanywa kumwonyesha mfalme kuwa mwenye haki mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, aliyechongwa juu ya jiwe akiwa ameketi mbele yake. Mfalme anasema alitaka mwenye nguvu asimwonee mnyonge, na anamwalika aliyedhulumiwa aje kwenye jiwe asomewe. Sioni sababu ya kudhani alikuwa akidanganya. Barua zake kwa ofisa wake Shamash-hazir, huko Larsa, zinamwonyesha akifuatilia malalamiko ya watu kuhusu mashamba yao. Kumlinda mnyonge, kwake, hakukuwa kumfanya sawa na mkubwa. Kila mtu alilindwa kwa kiwango cha daraja lake.

Namba za sheria hizi, 1 hadi 282, zilitoka wapi?

Kwa Jean-Vincent Scheil, Mfaransa aliyezitafsiri mwaka 1902. Maandishi ya Babeli hayana namba. Jiwe hilo lenye urefu wa mita 2.25 lilifukuliwa Susa, Iran, ambako mfalme wa Elamu alilipeleka kama ngawira katika karne ya 12 KK, na leo liko jumba la Luvre, Paris. Safu kadhaa za chini upande wa mbele zilifutwa zamani, kwa hiyo Scheil alikisia ni sheria ngapi zilikuwa hapo na kuziachia namba, kuanzia 66 hadi 99. Baadhi zimejazwa baadaye kutoka nakala za udongo, kwa sababu waandishi waliendelea kuzinakili kwa zaidi ya miaka elfu moja.