Ratiba ya kipindi mubashara mgeni akiwa mbali

"Kipindi chetu ni dakika 45, studio iko Nairobi, mgeni yuko Kisumu. Niandikeje ratiba ili mtandao ukikatika mtangazaji asibaki akikodoa macho?"

Ndugu, pamoja na muda wa kila sehemu, andika saa ya kufanya uamuzi. Tuseme mnaanza saa moja kamili jioni na mgeni anaingia dakika ya 12. Ikiwa hadi dakika ya 9 fundi hajaisikia sauti yake ikiwa safi, mratibu anamwinulia mtangazaji kadi nyekundu, naye anasoma sentensi iliyokwisha kuandikwa, "Leo tunaanza na maswali yenu," na sehemu ya maswali inatangulia. Mgeni akikosekana hadi dakika ya 25, nafasi yake inajazwa na mahojiano mliyorekodi naye jana yake.

Kuna aliyesema kwamba laini ya pili ya intaneti inatosha; yuko sahihi nusu, kwa sababu stima ikipotea, ruta huzimika hata kama kompyuta ina betri. Iwekeni kwenye UPS yenye betri ya akiba. Katika YouTube, zimeni `Auto-stop`, la sivyo matangazo ya mubashara yanaweza kufungwa mkiwa bado mnahangaika kuunganisha. Mtangazaji asiseme "tumerudi" kabla mtu hajaiona picha kwenye simu isiyotumia mtandao wa studio, maana watazamaji huchelewa sekunde kadhaa.

Dada uliyeuliza kuhusu kurusha harusi mubashara, kwako ni tofauti: viapo havisogezwi, kwa hiyo rekodi pia ndani ya kamera yenyewe. Kuhusu kumpa mtangazaji ishara kwa kadi au kwa kifaa cha sikioni, timu yetu bado inabishana.